Rimu ni zilezile, bei imepanda

Mzigo umefika, rimu zimehesabiwa, mtunza stoo ametia saini. Siku chache baadaye ankara inatua mezani kwa ofisa manunuzi, na hapo ndipo kazi inapoanza: bei ya kila kipimo siyo ile iliyokubaliwa.

Tuchukue mfano wa shule ya bweni nchini Tanzania iliyoagiza rimu 400 za karatasi za A4. Nukuu ya bei ilisema shilingi 11,800 kwa rimu, na hati ya kuagiza ikaandikwa kwa bei hiyohiyo. Ankara inadai 13,924. Tofauti ni shilingi 2,124 kwa rimu, ambayo kwa rimu 400 inafika 849,600.

Ofisa makini hakimbilii kuandika barua. Kwanza huziweka pamoja karatasi nne: nukuu, hati ya kuagiza, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Hutazama kama nukuu ilikuwa bado hai siku oda ilipotumwa, maana nyingi hudumu siku 30 tu. Hutazama pia kipimo, kwani bei ya rimu moja na ya boksi la rimu tano huchanganywa kirahisi. Kisha hugawanya bei mpya kwa ya zamani. Hapa jibu ni 1.18 kamili, na hesabu hiyo inaonyesha chanzo: nukuu ilisema wazi kuwa bei ina VAT ndani yake, lakini aliyeandaa ankara ameongeza tena asilimia 18 juu yake.

Sasa barua inaweza kuandikwa, na ikiwa fupi ndivyo inavyojibiwa upesi. Chini ya “Yah: Tofauti ya bei katika ankara” huja namba na tarehe za hati zote, halafu kiini chake:

“Nukuu yenu ilionyesha shilingi 11,800 kwa rimu, VAT ikiwemo. Ankara inaonyesha 13,924. Inaelekea VAT imetozwa mara mbili. Tunaomba kredit noti ya shilingi 849,600, au ankara sahihi ya shilingi 4,720,000, kabla ya Ijumaa ijayo. Nakala za hati zimeambatanishwa.”

Barua hiyo haimwiti mtu mwizi, na hilo ni jambo jema, kwa sababu makosa mengi ya aina hii hutokea kwa karani aliyebonyeza kisanduku cha kodi bila kusoma nukuu. Lakini upole usiufanye mkono wa ofisa uwe mwepesi: asikate bei kwa kalamu juu ya ankara, wala asiruhusu ilipwe yote kwa ahadi kwamba “tutarekebishana oda ijayo.” Mhasibu apewe nakala ya barua siku hiyohiyo, ili malipo yasitoke kabla ya jibu.

Nanyi wauzaji, andikeni kwenye kila nukuu, kando ya bei yenyewe, kama VAT imo au haimo.