Utoboe magunia mangapi kabla ya kuupokea mzigo?

Tuseme stoo ya shule mtaani Milimani, Nakuru, imeletewa lori la mahindi, magunia 200. Mpokeaji hawezi kuyafungua yote. Hutoboa machache kwa bambo na kupima unyevu, ambao kwa kiwango cha Afrika Mashariki haufai kuzidi asilimia 13.5. Likipatikana gunia moja bichi, lori linarudi. Je, atoboe mangapi?

Chukua kwamba 40 ni mabichi. Akitoboa matano, mzigo huo utapita karibu mara moja kwa kila tatu. Akitoboa 13, utapita kama mara 5 tu kwa 100.

Lakini sharti hilo ni kali kwa muuzaji pia: lori lenye mabichi 10 tu litarudishwa takriban nusu ya safari zake. Ndiyo maana idadi ya kutoboa, na mabovu yatakayovumiliwa, hupatanwa kabla turubai halijafunguliwa.

Na magunia yachaguliwe juu, kati na chini. Ukitoboa ya mlangoni pekee, umepima yale aliyotaka uyaone mwenye mzigo.