Hofu ya Jana, Mwenzi wa Leo

Chukua mfano wa mwanamke ambaye mume wake wa kwanza, kila akirudi usiku, alitanguliwa na kishindo cha geti, kisha kipigo. Miaka imepita, sasa ana mwenzi mpole. Jioni moja upepo unabamiza mlango. Moyo unamwenda mbio, viganja vinatoa jasho, naye anaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Hana wazimu. Ubongo uliozoea hatari hujifunza dalili zake, na huuamuru mwili ujihami kabla mtu hajapata nafasi ya kujiuliza nani kafunga mlango. Ndiyo maana kumwambia "niamini tu" hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni kutenganisha maswali mawili: huyu amefanya nini sasa hivi, na mimi nimekumbuka nini? Akishatulia, amweleze mwenzake kwa ufupi: "Kishindo kinanirudisha mbali. Nikinyamaza, nipe dakika chache, usinishike." Kisha aangalie. Anayefaa kuaminiwa hulikumbuka ombi hilo hata baada ya wiki kadhaa, tena siku aliyokasirika. Mwanzoni kila mtu ni muungwana.

Lakini si kila hofu ni ya zamani. Mwenzi akimkagulia simu, akimzuia kwenda kwa dada yake, au akiigeuza siri aliyoambiwa kuwa dhihaka, hiyo ni hatari mpya. Nchini Kenya, namba 1195 hupigwa bila malipo. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.