Homa Imeanza Leo? Pimwa Leo



Ndugu zetu, akina mama na akina baba, majuma machache yaliyopita tuliitwa katika zahanati moja karibu na Garsen. Muuguzi alitaka tumsaidie kutengeneza maneno ya bango la ukutani kuhusu malaria. La zamani lilikuwa na mstari mmoja mkubwa uliosema kwamba uzembe wa mzazi huua mtoto. Muuguzi alituambia kwamba mama aliyechelewa akiusoma huinamisha kichwa, na akiulizwa homa ilianza lini hujibu, "Jana," ingawa ni siku ya nne. Bango lililokusudiwa kuokoa lilikuwa linafundisha watu kuficha. Tukaketi naye tukayaandika upya, mstari kwa mstari, na leo twawaeleza kwa nini kila mstari umekuwa vile ulivyo.

Mstari wa kwanza: *Homa ni dalili. Malaria hujulikana kwa kupimwa.*

Katika lugha yetu mtu husema "nina homa" akimaanisha mwili wa moto, na mwingine husema hivyo hivyo akimaanisha malaria. Neno moja limebeba mambo mawili, na hapo ndipo kosa huanzia. Homa yaweza kutokana na kichomi, na mkojo, na mengineyo mengi. Wakaao huku Tana River wanakumbuka mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007, ilipozuka Homa ya Bonde la Ufa kwa wafugaji na mifugo yao. Ile nayo ilianza kwa mwili kuwa moto, wala dawa ya malaria haikuwa tiba yake. Tangu 2010 mwongozo wa tiba nchini Kenya ni kupima kwanza, kisha kutibu, kwa mkubwa na kwa mtoto.

Mstari wa pili: *Homa imeanza leo? Pimwa leo. Homa kushuka si kupona.*

Muuguzi alitusimulia kisa cha mtoto wa miaka miwili, kutoka ng'ambo ya mto. Homa ilimpanda Jumamosi magharibi. Mama alimpa panadoli, na Jumapili asubuhi mtoto akacheza. Usiku homa ikarudi. Jumatatu mama akataka kwenda zahanati, lakini baba alikuwa malishoni na mifugo, na simu haikupatikana. Akangoja ruhusa na nauli. Jumanne mtoto alifika amelegea, hanyonyi wala hanywi.

Tuangalie yaliyokuwa yakitendeka ndani ya damu. Kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu ya damu na kuzaana humo. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, na palipoingia kimoja hutoka kadiri ya 16, kila kimoja kikitafuta chembe yake. Panadoli hushusha joto tu, haigusi kijidudu. Basi ile asubuhi mtoto aliyocheza haikuwa nafuu, bali ugonjwa ulikuwa ukiongezeka kimya kimya. Siku mbili za kungoja ndizo zilizogeuza malaria ya kutibiwa kwa vidonge ikawa malaria kali. Mtoto alidungwa sindano, akapelekwa hospitali, na alhamdulillahi akapona.

Kwa ajili ya kisa hiki tukaongeza mstari wa tatu, nao ni wa akina baba: *Baba, toa ruhusa kabla ya safari.* Atokaye kwenda malishoni au shambani aseme mbele ya jamaa, "Mtoto akipata homa, usiningoje," na aache nauli ya kivuko au ya pikipiki. Ni neno dogo, nalo humwondolea mama mzigo wa siku mbili.

Mstari wa nne: *Tone moja la damu, dakika chache, jibu lako.*

Wengi huogopa wasichokijua. Muuguzi hutoboa ncha ya kidole, huchukua tone dogo, huliweka katika kibao cha kipimo pamoja na matone ya maji ya dawa, kisha hungoja dakika 15 hadi 20 kwa kadiri ya maelekezo ya kipimo chenyewe. Mstari kwenye herufi C huonyesha kwamba kipimo ni kizima. Usipotokea, hupimwa upya. Ukitokea na wa herufi T, malaria imeonekana. Ikiwa ulimeza dawa ya malaria majuma machache yaliyopita, mwambie muuguzi, kwani kipimo hiki chaweza kuonyesha mabaki ya ugonjwa uliokwisha. Na kwa aliyefunga, tone hilo la kidole halibatilishi saumu. Na ikithibitika ni mgonjwa, ameruhusiwa kufungua apate kumeza dawa, alipe siku nyingine.

Jibu likiwa hakuna malaria, usidai dawa ya malaria. Hapa ndipo bango linapokuwa kali kidogo, kwa sababu dawa isiyo ya ugonjwa wako humwacha adui wa kweli akiendelea. Uliza homa imetoka wapi, na ikiendelea kwa siku mbili, rudi.

Mstari wa tano: *Dozi ni yote, na ni ya mmoja.*

Mtoto yule alikuwa na kilo 12. Baada ya sindano, alipoweza kumeza, alipewa vidonge vya AL: kidonge kimoja kila mara, mara sita kwa siku tatu. Cha kwanza kikimezwa saa mbili asubuhi, cha pili ni saa kumi jioni, yaani baada ya saa nane. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Humezwa pamoja na chakula au maziwa, ili dawa iingie vyema mwilini. Na mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita, hupewa tena, kisha mama hurudi zahanati kuchukua kidonge cha kufidia. Siku ya pili mtoto hukimbia uani, na hapo mama hushawishika kuweka vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Asifanye hivyo. Nusu dozi haimtoshi yule, wala haimfai huyu.

Mstari wa sita tuliuandika kwa uangalifu: *Mtoto akishikwa na dege, kituo cha afya kwanza, sasa hivi.* Pwani yetu wengi huita degedege mambo ya nyuni, wakamtafuta mganga kwanza. Sisi tunaosomea watu twasema wazi: kisomo husomwa njiani, mtoto akiwa mikononi na pikipiki ikienda. Vivyo hivyo mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, au asiyeamka vizuri.

Mto wetu hufurika kwa mvua za milimani, hata Garsen ikiwa kavu. Maji yakishuka huacha madimbwi, na mbu huzaana humo. Kwa hiyo bango hili lisomwe hata katika majuma ambayo mvua haikunyesha.

Mstari wa mwisho ndio uliochukua mahali pa ule wa zamani: *Umechelewa? Karibu vilevile. Tuambie siku ya kweli.* Muuguzi akiijua siku ya kweli, hujua la kufanya kwanza.

Wabillahi tawfiq.