Thamani aigeni na vekta aigeni: mielekeo ambayo matriki haiipindishi

Matriki ya mraba ikizidishwa na vekta hutoa vekta nyingine. Kwa kawaida vekta hiyo mpya hutofautiana na ile ya awali kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani urefu na mwelekeo. Mfano mzuri ni matriki ifuatayo, ambayo ni ya aina inayotolewa mara nyingi katika mazoezi ya aljebra ya mstari ya mwaka wa kwanza chuoni:

```
A = | 4  1 |
    | 2  3 |
```

Matriki hii ikizidishwa na vekta (1, 0), jibu ni (4, 2). Vekta iliyokuwa imelala juu ya mhimili wa x imeinuka. Ikizidishwa na (0, 1), jibu ni (1, 3), na vekta iliyokuwa imesimama wima imeinamia kulia. Lakini ikizidishwa na (1, 1), safu mlalo ya kwanza inatoa 4 + 1 = 5, ya pili inatoa 2 + 3 = 5, na jibu ni (5, 5). Hapa mwelekeo haukuguswa hata kidogo. Kilichobadilika ni urefu peke yake, ambao umeongezeka mara 5. Kwa hiyo (1, 1) ni vekta aigeni ya A, na namba 5 ni thamani aigeni inayokwenda nayo.

Sharti lenyewe huandikwa hivi, ambapo λ, herufi ya Kigiriki iitwayo lamda, inasimama badala ya thamani aigeni:

Av = λv, v ≠ 0

Vekta sifuri inaachwa nje kwa makusudi. Yenyewe hutimiza mlinganyo huo kwa λ yoyote ile, hivyo haielezi chochote kuhusu A. Thamani aigeni, kwa upande wake, inaruhusiwa kuwa sifuri au hasi. Ikiwa hasi, vekta hubaki juu ya mstari uleule ila hugeuka na kuelekea upande wa pili.

Swali la zoezi huwa fupi: tafuta thamani aigeni na vekta aigeni za A. Ugumu wake ni kwamba mlinganyo mmoja una vitu viwili visivyojulikana, λ na v, na vyote viwili vimezidishwa pamoja. Njia ya kutoka ni kumpata λ kwanza bila kumgusa v. Upande wa kulia huhamishiwa kushoto, na mlinganyo huwa (A − λI)v = 0, ambapo I ni matriki ya utambulisho, yenye 1 kwenye mshazari mkuu na 0 kwingineko. Kuwepo kwa I ndiko kunakofanya λ itolewe kwenye 4 na 3 tu. Mwanafunzi anayeiondoa pia kwenye 1 na 2 amekwisha kupotea kabla hajaanza.

```
A − λI = | 4−λ   1  |
         |  2   3−λ |
```

Matriki hii mpya inabeba milinganyo miwili yenye x na y, na kila mmoja ni mstari unaopita kwenye chanzo. Mistari miwili tofauti inayopita kwenye chanzo hukutana hapo tu, na jibu la pekee ni vekta sifuri, ambayo imekwisha kukataliwa. Ili vekta nyingine ipatikane, lazima mistari hiyo miwili ilaliane na kuwa mstari mmoja. Hilo hutokea pale tu determinanti ya A − λI inapokuwa sifuri. Wanafunzi wengi hukariri kanuni ya determinanti bila sababu hii, na matokeo yake hushindwa kutambua jibu baya hata likiwa mbele ya macho yao.

Determinanti ya matriki ya 2 kwa 2 ni zao la mshazari mkuu kutoa zao la mshazari mwingine:

(4 − λ)(3 − λ) − (1)(2) = 0

Mabano yakifunguliwa, hupatikana 12 − 7λ + λ² − 2, yaani λ² − 7λ + 10 = 0. Namba mbili ambazo jumla yake ni 7 na zao lake ni 10 ni 5 na 2. Mlinganyo unagawanyika kuwa (λ − 5)(λ − 2) = 0, na thamani aigeni za A ni 5 na 2.

Hapa ndipo pa kusimama na kuhakiki, kwa sababu kuna njia inayochukua sekunde chache. Jumla ya thamani aigeni lazima ilingane na jumla ya namba za mshazari mkuu wa A, na zao lake lazima lilingane na determinanti ya A. Kwa matriki hii, 4 + 3 = 7 na 5 + 2 = 7. Determinanti ni 12 − 2 = 10, na 5 × 2 = 10.

Sasa kila thamani inarudishwa mahali pake ili itoe vekta yake. Kwa λ = 5, safu mlalo za A − 5I ni (−1, 1) na (2, −2). Ya kwanza inasema −x + y = 0, ya pili inasema 2x − 2y = 0, na zote mbili zinasema jambo moja: y = x. Vekta rahisi ya kuandika ni (1, 1), lakini (3, 3) au (−7, −7) ni sahihi vilevile, kwa kuwa kinachotafutwa ni mwelekeo. Kwa λ = 2, safu zote mbili za A − 2I ni (2, 1), hivyo 2x + y = 0 na y = −2x. Vekta ni (1, −2). Uhakiki wake: 4 − 2 = 2 na 2 − 6 = −4, kwa hiyo A inaipeleka (1, −2) kwenye (2, −4), mara 2 kamili.

Kulaliana kwa milinganyo hiyo miwili ni alama ya usalama. Tuseme mwanafunzi amekosea alama mahali fulani akapata λ = 3. Safu za A − 3I zitakuwa (1, 1) na (2, 0), yaani x + y = 0 na 2x = 0. Jibu pekee ni x = 0 na y = 0. Anayepata vekta sifuri katika hatua hii asiendelee kuhangaika na vekta. Kosa liko nyuma, kwenye determinanti au kwenye kutafuta vigawo.

Kosa lingine hujificha vizuri zaidi. Mwanafunzi aliyezoea kutatua milinganyo kwa kupunguza safu huanza kwa kuirahisisha A yenyewe: anatoa nusu ya safu mlalo ya kwanza kwenye ya pili, anapata safu (4, 1) na (0, 2.5), kisha anasoma 4 na 2.5 kwenye mshazari na kuziita thamani aigeni. Zao la namba hizo bado ni 10, maana hatua hiyo haibadilishi determinanti, na anayehakiki kwa zao peke yake ataridhika. Jumla ndiyo inayofichua: 6.5 badala ya 7. Kupunguza safu hulinda majibu ya milinganyo, lakini hakulindi thamani aigeni. Kunaruhusiwa baada ya λ kujulikana, juu ya A − λI, na si kabla.

Faida ya kazi yote hii huonekana matriki inapotumika mara nyingi mfululizo. Vekta (3, 0) si vekta aigeni ya A, lakini inaweza kuandikwa kwa kutumia zile mbili zilizopatikana: 2(1, 1) + (1, −2) = (3, 0). Kila A inapozidishwa, sehemu ya kwanza hukua mara 5 na ya pili mara 2, na hakuna inayoiingilia nyingine. Baada ya mara tano, jibu ni 2 × 3125 × (1, 1) + 32 × (1, −2), yaani (6282, 6186). Anayezidisha hatua kwa hatua hupita kwenye (12, 6), (54, 42), (258, 234) na (1266, 1218) kabla ya kufika hapohapo. Namba mbili za kila jozi zinazidi kukaribiana kwa uwiano, kwa sababu sehemu inayokua mara 5 inaimeza ile inayokua mara 2, na vekta inavutwa kuelekea mwelekeo wa (1, 1). Kwa njia hiyo thamani aigeni kubwa zaidi inaweza kukadiriwa bila kutatua mlinganyo wowote: 6282 ikigawanywa kwa 1266 inatoa takriban 4.96.

Majibu yanaweza pia kulinganishwa na ya kompyuta. Katika lugha ya Python, mistari mitatu inatosha:

```
import numpy as np
A = np.array([[4, 1], [2, 3]])
print(np.linalg.eig(A))
```

Thamani hutoka zilezile, 5 na 2, lakini vekta huonekana ngeni: 0.7071 na 0.7071 kwa moja, 0.4472 na 0.8944 zenye alama zinazopingana kwa nyingine. Ni vekta zilezile zilizofupishwa hadi urefu wa 1. Zimepangwa katika safu wima. Anayezisoma kwa safu mlalo anachanganya nusu ya moja na nusu ya nyingine, na akizidisha kwa A ataona mwelekeo umepinda.

Si kila matriki huwa mpole kama A. Matriki yenye safu mlalo (0, −1) na (1, 0) huzungusha kila vekta kwa nyuzi 90. Hakuna vekta inayoweza kubaki kwenye mstari wake, na mlinganyo wake, λ² + 1 = 0, hauna jibu katika namba halisi. Yenye safu (1, 1) na (0, 1) ina thamani aigeni moja inayojirudia, 1, na mwelekeo mmoja tu usiopinda, ule wa (1, 0). Kwa matriki hiyo, (0, 1) haiwezi kuandikwa kwa vekta aigeni, na ile njia ya kutenganisha sehemu mbili haifanyi kazi.

Ukubwa nao huleta mpaka wake. Matriki ya 3 kwa 3 hutoa mlinganyo wa kipeo cha tatu, ya 4 kwa 4 wa kipeo cha nne. Mwaka 1824 Niels Henrik Abel, mwanahisabati wa Norwei, alithibitisha kwamba mlinganyo wa kipeo cha tano hauna kanuni ya jumla inayotumia vipeuo na hesabu za kawaida. Kwa hiyo matriki kubwa hazitafutiwi determinanti. Kompyuta hukaribia jibu kwa kurudiarudia hatua moja, kwa mbinu iitwayo QR, ambayo John Francis wa Uingereza na Vera Kublanovskaya wa Urusi waliibuni kila mmoja kivyake mwanzoni mwa miaka ya 1960.