Nywila ya Mwanafunzi Hukisiwa na Jirani wa Dawati

Mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari ya kutwa, Kaunti ya Nakuru, aliwaandikia wazazi wa Kidato cha Pili ujumbe mwanzoni mwa muhula. Shule ilikuwa imewafungulia wanafunzi akaunti katika potali yake, mahali panapoonekana alama za mitihani, kazi za nyumbani, salio la karo na risiti. Wadukuzi wa ng'ambo hawakutajwa mwanzoni mwa ujumbe huo. Ulianza na swali: "Mzazi mpendwa, je, mwenzake anayeketi naye dawati moja anaweza kuikisia nywila ya mwanao?"

Mwalimu huyo alikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Shule inapofungua akaunti za mamia ya wanafunzi kwa siku moja, njia nyepesi ni kuifanya nambari ya usajili kuwa jina la kuingilia, kisha kutoa nywila ya kuanzia kutoka kwenye faili la mwanafunzi: nambari hiyohiyo, tarehe ya kuzaliwa, au jina la shule na mwaka. Nambari ya usajili imeandikwa kwenye jalada la kila daftari, na aghalabu imo pia kwenye orodha ya matokeo inayobandikwa ukutani. Darasa zima linaijua. Kilichobaki ni nywila peke yake.

Tuseme nywila hiyo ni tarehe ya kuzaliwa. Wanafunzi wengi wa kidato kimoja wamezaliwa ndani ya miaka mitatu hivi, kwa hiyo tarehe zote zinazowezekana hazipiti 1,096. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka ukumbuke kwamba rafiki aliyemwimbia mwenzake siku yake ya kuzaliwa anaujua mwezi na siku. Kilichobaki kukisia ni mwaka, na miaka ni mitatu tu. Hata mfumo uliowekwa kufunga akaunti baada ya majaribio matano yaliyokosewa hautamzuia, kwa sababu ataingia kabla ya kufika la tano.

Uingereza wamelichunguza jambo hili kwa karibu. Mwaka 2025, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo ilitangaza matokeo ya uchambuzi wa visa 215 vya uvujaji wa taarifa vilivyofanywa na watu wa ndani katika sekta ya elimu, kati ya Januari 2022 na Agosti 2024. Asilimia 57 vilifanywa na wanafunzi. Asilimia 30 ya visa vyote vilitokana na jina na nywila zilizoibwa, na katika hivyo, wanafunzi walihusika kwa asilimia 97. Ni visa vichache mno, asilimia 5 tu, vilivyohitaji ujuzi wa hali ya juu. Katika kisa kimoja, mwanafunzi alitumia nywila ya mfanyakazi kuingia katika mfumo wa chuo uliokuwa na taarifa za watu zaidi ya 9,000.

Mzazi anaweza kuuliza ni hasara gani itakayotokea, maana akaunti ya mwanafunzi kwa kawaida haiwezi kubadilisha alama. Ni kweli, haiwezi. Lakini aliyeingia anaona familia inadaiwa karo kiasi gani, na kesho yake salio hilo linatajwa uwanjani mbele ya wenzake. Anaweza kufuta kazi iliyokwisha kukusanywa, au kumwandikia mwalimu maneno machafu yatakayosomeka kwa jina la asiye na hatia. Baya zaidi, akibadilisha nambari ya simu ya kurejeshea akaunti, mwenyewe anafungiwa nje.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ambayo mwalimu aliwaomba wazazi ni kuiondoa nywila ya kuanzia siku ileile inapotolewa. Mbadala alioupendekeza ni maneno manne yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kufungua kamusi bila kuchagua ukurasa. Yanaweza kutoka kama haya:

```
mbaazi-reli-kiatu-ukungu
```

Nywila kama hiyo mtoto huishika kichwani kwa jioni moja. Hata anayebahatisha akijua kwamba maneno yametoka katika orodha ya maneno 2,000 ya kawaida, michanganyiko inayowezekana ni trilioni 16. Nguvu yake iko kwenye kubahatisha. Mtoto akijichagulia methali, mstari wa wimbo au majina ya ndugu zake wanne, hesabu hiyo inaporomoka, kwa kuwa wenzake wanavijua vitu hivyohivyo. Na mfano uliochapishwa hapa usitumiwe na yeyote. Mfumo ukidai herufi kubwa na tarakimu, ziongezwe mwishoni bila kuyagusa maneno yenyewe. Kuiandika kwenye karatasi inayotunzwa nyumbani pamoja na vyeti hakuna ubaya. Ubaya ni kuiandika nyuma ya daftari.

Nywila nzuri kiasi hicho huweza kupotea kwa dakika moja saibani. Wanafunzi wengi hawana kompyuta nyumbani, hivyo huingia kupitia mashine ya kukodi au simu ya mtu. Kivinjari kikiuliza `Save password?`, mtoto mwenye haraka hubonyeza kukubali, na anayekalia kiti hicho baada yake hukuta jina na nywila vimeshajazwa. Jibu sahihi ni kukataa, kisha kubonyeza `Log out` kabla ya kuinuka, kwa sababu kufunga dirisha peke yake mara nyingi hakumtoi mtu kwenye akaunti. Mhudumu wa saiba anayejitolea kumwingizia mtoto nywila aambiwe asante, mtoto ataichapa mwenyewe.

Jambo moja linawahusu wazazi moja kwa moja, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Anayebonyeza `Forgot password` hutumiwa tarakimu za siri kwenye simu iliyosajiliwa, ambayo kwa kawaida ni ya mzazi. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika huweza kufungwa na kampuni ya simu, kisha nambari ikauzwa kwa mtu mwingine. Mzazi aliyebadilisha laini bila kuiarifu shule amemwachia mgeni njia ya kuingia katika akaunti ya mwanawe. Na tarakimu hizo zikija bila yeye kuziomba, asimsomee mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa anapiga kutoka ofisi ya shule.

Katika urafiki wa utotoni, kupeana nywila huonekana ishara ya kuaminiana. Wazazi wawaeleze watoto upande wa pili pia: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya Kenya ya mwaka 2018 inalifanya tendo la kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Anayemjaribia mwenzake tarehe ya kuzaliwa kwa mchezo anagusa sheria hiyo.

Dalili za akaunti iliyoingiliwa si ngumu kuziona. Nywila sahihi inakataliwa, kazi iliyotumwa haionekani, au saa ya kuingia mara ya mwisho, pale mfumo unapoionyesha, ni ya wakati mtoto alipokuwa amelala. Hapo mpangilio wa hatua una maana: mtoto abadilishe nywila kwa simu ya nyumbani, atoe vifaa vyote vilivyobaki vimeingia, akague nambari ya simu iliyosajiliwa, kisha mzazi amwandikie mwalimu siku hiyohiyo akitaja saa alipoiona dalili. Kumbukumbu za mfumo huonyesha akaunti iliingiwa kutoka kifaa gani na lini, lakini mifumo mingi huzifuta baada ya muda.