Ushuru wa Stempu, Ada ya Wakili na Gharama ya Upimaji: Zinaandikwa Wapi Katika Vitabu vya Biashara?

Mkazi anayenunua jengo la biashara katika kaunti hulipa zaidi ya bei aliyokubaliana na muuzaji. Kuna ushuru wa stempu unaolipwa kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), ada ya wakili, na malipo ya mpimaji ardhi na mthamini. Wengi huziandika gharama hizi pamoja na umeme, mishahara na usafiri, kama matumizi ya mwaka. Huko ni kukosea, na kosa hilo huweza kumgharimu mwenye jengo siku atakapoliuza.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Gharama ambayo haingeepukika ili jengo liwe mali ya mnunuzi na liweze kutumika ni sehemu ya gharama ya jengo. Huongezwa kwenye bei ya kununulia na kukaa katika vitabu kama mali ya kudumu. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyotumika nchini, kwa kampuni kubwa na ndogo, vinasema hivyo. Gharama nyingine zote ni matumizi ya mwaka ambao zilitokea.

Mfano wa duka la vifaa vya ujenzi

Chukua mfano wa kampuni ya familia inayouza vifaa vya ujenzi. Imenunua jengo lenye hatimiliki ndani ya manispaa kwa Sh10,000,000 ili ihamishie duka lake humo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini, na asilimia 2 kwa mali iliyo nje ya miji. Kampuni hii basi imelipa Sh400,000. Wakili aliyeshughulikia mkataba na uhamisho wa hatimiliki amelipwa Sh200,000, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ambayo kampuni haiwezi kurudishiwa. Mpimaji aliyethibitisha vigingi vya mpaka na mthamini wamelipwa jumla ya Sh100,000.

Gharama hizo tatu zinafika Sh700,000. Zote zinaongezwa kwenye bei, na mali hiyo inaingia vitabuni kwa Sh10,700,000.

Hatua inayofuata ni kutenganisha ardhi na jengo, kwa sababu jengo huchakaa lakini ardhi haichakai. Tuseme ripoti ya mthamini inaonyesha kwamba ardhi ni asilimia 40 ya thamani na jengo ni asilimia 60. Jumla ya Sh10,700,000 inagawanywa kwa uwiano huo: ardhi Sh4,280,000 na jengo Sh6,420,000. Kampuni ikikadiria kwamba jengo litatumika kwa miaka 40, uchakavu wa kila mwaka ni Sh160,500.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kama Sh700,000 zingeandikwa kama matumizi, faida ya mwaka wa kwanza ingepungua kwa kiasi chote hicho, ingawa jengo litatumika kwa miaka mingi. Benki au mshirika anayesoma hesabu hizo angedhani biashara imeyumba, kumbe imenunua mali.

Gharama zinazofanana lakini si sawa

Si kila malipo ya wakili au mpimaji yanaongezwa kwenye jengo. Kabla ya kupata jengo hili, kampuni ilimlipa mhandisi Sh40,000 akague jengo jingine, akakuta kuta zina nyufa na wakaliacha. Fedha hizo hazikuleta mali yoyote, kwa hivyo ni matumizi ya mwaka. Haziwezi kubebeshwa jengo lililonunuliwa.

Vilevile kampuni ilikopa sehemu ya fedha benki, na wakili akalipwa kwa kuandaa hati ya rehani. Hati hiyo nayo hutozwa ushuru wa stempu wake. Malipo hayo yalifanywa ili kupata mkopo. Kama kampuni ingelipa fedha taslimu, yasingekuwapo. Kwa hivyo yanahesabiwa pamoja na gharama ya mkopo na kusambazwa katika muda wa kuulipa. Ikiwa wakili mmoja amefanya kazi zote mbili na kutoa ankara moja, aombwe aandike ada ya uhamisho na ada ya rehani kando.

Jambo jingine ni ada ya ardhi inayolipwa kwa serikali ya kaunti. Uhamisho wa mali huhitaji cheti kutoka kwa kaunti kinachoonyesha kwamba ada hiyo haina malimbikizo. Kwa kawaida deni la zamani ni la muuzaji. Mnunuzi akikubali kulilipa ili uhamisho ukamilike, kiasi hicho ni sehemu ya gharama ya kununua mali, sawa na kama angeongeza bei. Lakini ada ya miaka inayofuata, jengo likiwa lake, ni matumizi ya kila mwaka.

Pia mnunuzi ajue kwamba ushuru wa stempu hufuata thamani ya soko, na mthamini wa serikali anaweza kuikadiria juu ya bei ya mkataba. Kama angesema jengo la mfano wetu ni la Sh11,000,000, ushuru ungekuwa Sh440,000. Kiasi hicho chote kilicholipwa kingeongezwa kwenye gharama, lakini bei ya kununulia ingebaki Sh10,000,000 vitabuni, kwa kuwa ndiyo iliyolipwa.

Siku ya kuuza

Tangu Januari 1, 2023, kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15, na hulipwa na muuzaji. Faida hiyo hupatikana kwa kuondoa gharama ya mali kwenye bei ya kuuzia. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama hiyo ijumuishe ushuru wa stempu, ada ya wakili, na malipo ya mpimaji na mthamini yaliyofanywa wakati wa kununua.

Tuseme kampuni inauza mali hiyo kwa Sh14,000,000. Tukiacha kando gharama za kuuza na marekebisho mengine, ikiwa na ushahidi wa gharama zote, faida ni Sh3,300,000 na kodi ni Sh495,000. Ikiwa stakabadhi za Sh700,000 zimepotea, faida inakuwa Sh4,000,000 na kodi inapanda hadi Sh600,000. Karatasi zilizopotea zimeigharimu Sh105,000.

Sheria hairuhusu gharama moja ihesabiwe mara mbili. Kiasi ambacho tayari kilitolewa kwenye mapato ya biashara kama matumizi hakiwezi kudaiwa tena wakati wa kuuza. Hii inamhusu aliyeziandika gharama hizi kama matumizi tangu mwanzo na kuzitumia kupunguza kodi. KRA ikizikuta katika ukaguzi, inaweza kuzikataa na kudai kodi ya mwaka huo pamoja na riba.

Aidha, uchakavu wa vitabuni hautolewi moja kwa moja katika hesabu ya kodi ya mapato. Sheria ina viwango vyake vya nafuu kwa majengo, na mhasibu huvikokotoa kando.

Mnunuzi anashauriwa kufungua jalada moja la jengo na kuweka humo mkataba wa mauzo, risiti ya ushuru wa stempu, ankara na stakabadhi za wakili, ripoti ya mthamini, ripoti ya mpimaji na cheti cha ada ya ardhi. Jalada hilo litunzwe kwa muda wote ambao jengo ni lake, hata kama miaka 20 itapita kabla ya kuliuza.