Wimbo, Filamu na Kitabu cha Sauti: Kila Kimoja Kinafunza Nini Kiarabu

Katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wapo watu wengi waliohitimu chuo utotoni. Wanausoma msahafu kwa ufasaha, herufi zote wanazijua, lakini mtu akiwauliza kwa Kiarabu wanataka chai au kahawa, wanakwama. Siku mmoja wao anapopata kazi Maskati, au anapoamua tu kwamba sasa ataijifunza lugha yenyewe, hukimbilia simu yake: nyimbo za Umm Kulthum, filamu za Kairo, hadithi zinazosomwa kwa sauti. Vyote hivyo ni Kiarabu, na vyote vinafaa. Ila havifunzi kitu kimoja, na kwa anayeanza tofauti hiyo ni kubwa.

Wimbo hufunza kinywa na kumbukumbu. Mwaka 2014 Karen Ludke na wenzake wa Edinburgh walichapisha jaribio lao kuhusu watu wazima 60 waliojifunza vifungu vya Kihungari kwa dakika 15. Kundi moja liliyarudia maneno kwa kuyasema kawaida, la pili kwa kuyasema kwa mdundo, la tatu kwa kuyaimba. Walioimba ndio walioweza zaidi kuyatamka maneno hayo baadaye. Tuangalie lakini walichofanya: walifungua vinywa wakaimba. Anayeweka wimbo huku akipika, hata ukipita mwezi mzima, hajafanya walichofanya wao.

Tena muziki una mambo yake unayoyaharibu. Katika Kiarabu urefu wa irabu hubadili maana: matar ni mvua, mataar ni uwanja wa ndege. Mswahili, aliyezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, huyatamka yote mawili sawasawa. Wimbo hauwezi kumsaidia hapo, kwa kuwa mwimbaji huivuta irabu fupi kadiri sauti ya muziki inavyotaka. Halafu wimbo wa mapenzi, hata mwanamume anapomwimbia mwanamke, mara nyingi humwita mpenzi kwa umbo la kiume. Aliyejifunza kwa nyimbo peke yake anaweza kuingia dukani akamwambia muuzaji wa kike inta, badala ya inti. Na kuna suala la lahaja. Inta Umri, wimbo wa mwaka 1964, uko katika Kiarabu cha Misri. Al-Atlal, wa mwaka 1966, ni shairi la Ibrahim Naji katika Kiarabu fasaha. Sauti ni ya mwimbaji yuleyule, lakini moyo, ambao kwa fasaha ni qalb, Kairo huitwa alb. Mwanafunzi asiyejua hayo hudhani sikio lake ni bovu.

Kwenye filamu ndiko watu wengi wanakopotezea muda, na sababu ni maandishi yanayopita chini ya skrini. Jicho haliwezi kuyaacha. Mtafiti wa Ubelgiji, Géry d'Ydewalle, alionyesha kwamba watazamaji huyasoma hata wakati hawayahitaji. Yakiwa katika lugha unayoijua tayari, akili huchukua maana kutoka kwenye maandishi na sauti hubaki kama upepo. Filamu zetu zenye mtafsiri anayezungumza Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji zinaburudisha sana, ila kwa kujifunza lugha ndizo duni kuliko zote, maana sikio hata halipewi nafasi.

Mwaka 2009 Holger Mitterer na James McQueen waliwachunguza Waholanzi wanaojua Kiingereza, waliotazama filamu zenye lafudhi ya Kiskoti au ya Australia. Waliosoma maandishi ya Kiingereza waliizoea lafudhi, wakawa wanayashika vizuri zaidi hata maneno ambayo hawakuyasikia kwenye filamu. Waliosoma Kiholanzi walifanya vibaya zaidi katika maneno hayo mapya. Hao walikuwa watu wenye Kiingereza cha kutosha, si wanaoanza, lakini sababu inaeleweka: maandishi ya lugha ileile huliambia sikio sauti hii ni neno gani, na tafsiri hailiambii.

Basi mtu husema: nitaweka maandishi ya Kiarabu. Hapo Kiarabu kina mtego wake. Mhusika anasema, "Aayiz eeh dilwa'ti?" yaani unataka nini sasa. Huenda chini pakaandikwa kwa fasaha, "Maadhaa turiidu al-aan?" Maana ni moja, lakini hakuna hata neno moja linalolingana. Anayeanza atasikiliza na kusoma, na vitu hivyo viwili vitakataa kukutana. Dawa ni kuipima filamu kabla ya kuichagua: chukua sentensi tatu fupi, zisikilize tena na tena, uone kama unachosikia ndicho kilichoandikwa. Kama sicho, tafuta nyingine. Katuni zilizotiwa sauti kwa Kiarabu fasaha, kama Kapteni Majid, zinamfaa zaidi mtu wa chuo, kwa sababu zinazungumza Kiarabu kilicho karibu na kile anachokisoma.

Filamu yenye tafsiri ina faida yake pia, ila si ya sikio. Inaonyesha adabu ya mazungumzo: nani huanza, kwa uso gani, na jibu gani lafuata. Mtu akitoka safari huambiwa hamdillah ala salaama, naye hujibu Allah yisallimak. Jozi kama hizo hushikika haraka ukiwaona watu wanakumbatiana mlangoni.

Kwa mhitimu wa chuo, mimi ningeanza na kitabu cha sauti, mradi kitabu chenyewe kiwe wazi mbele yake. Kiarabu cha magazeti na vitabu vya watu wazima huchapishwa bila irabu fupi. Herufi kaf, ta na ba zikikaa pamoja zinaweza kuwa kataba, aliandika, au kutiba, iliandikwa, au kutub, vitabu. Msomaji wa sauti ndiye anayezirudisha irabu zilizoachwa.

Pia anafunza pale neno linapoishia. Sentensi ya mtoto alikwenda sokoni ina maneno manne kwenye ukurasa: dhahaba, al-waladu, ilaa, as-suuq. Sikioni yanafika kama mafungu mawili: dhahabalwaladu ilassuuq. Aliyesoma tajwidi anajua tayari jinsi alif inavyomezwa na lamu inavyoingia kwenye sini, na anajua kwamba mwisho wa sentensi, penye wakfu, irabu ya mwisho huondoka. Alichokosa ni maana tu.

Hadithi za watoto za Kamil Kilani, mwandishi wa Misri aliyefariki mwaka 1959, zilichapishwa na irabu zake. Chukua nusu ukurasa. Soma kimya ukitafuta maana, kisha sikiliza ukifuata kwa kidole, kisha funga kitabu usikilize tena, mwisho andika ulichosikia na ulinganishe. Paul Nation, bingwa wa taaluma ya msamiati, anakadiria kwamba ili usome kwa raha inabidi ujue maneno 98 katika kila 100. Ukikuta mageni kumi kwenye mistari michache, hadithi hiyo bado ni ngumu kwako. Dalili nyingine ya kujidanganya ni kufuata vizuri kitabu kikiwa wazi, na kushindwa kutenga hata neno moja kikifungwa.

Kitabu hakitakufunza kumjibu mtu, na sokoni hakuna anayezungumza kama msomaji wa hadithi. Kwa hiyo nusu ukurasa unapoandikika bila makosa ya kugawa maneno, hata kama irabu bado zinateleza, rudi kwenye filamu. Chagua tukio la dakika mbili, lisikilize kwanza ukiwa umefunika sehemu ya chini ya skrini kwa kipande cha karatasi, ndipo ufunue.